Namna nilivyoachia stoo nikabaki na nyumba

Nilikuwa nimepanga vitu viwili kwa mwenye nyumba mmoja. Cha kwanza ni nyumba ninayoishi, ambayo kodi yake hulipwa kila tarehe 1. Cha pili kilikuwa stoo ndogo nyuma ya jengo, niliyoichukua baadaye kwa karatasi yake ya nusu ukurasa ili niweke vifaa vya useremala alivyoacha marehemu baba. Karatasi ile tuliitia saini tarehe 5 Agosti 2021, kwa hiyo kodi ya stoo ikawa inalipwa kila tarehe 5. Mdogo wangu alipopata karakana yake mwenyewe akaomba avichukue vifaa vile, stoo haikuwa na kazi tena kwangu. Tulikubaliana hivyo tarehe 11 Machi 2023, nami nikaamua kuiachia na kuendelea na nyumba.

Watu wengi huliona jambo hili dogo mno kuandikiwa barua. Humwambia mwenye nyumba wakikutana naye mlangoni kwamba mwezi ujao hawaendelei na stoo au na nafasi ya kuegesha gari, hutoa vitu vyao, kisha huacha kulipa. Baadaye wanadaiwa kodi ya miezi ambayo hawakuitumia, na hapo hakuna hata karatasi moja inayoonyesha walisema nini na lini. Mwenye nyumba naye huenda hana nia mbaya: alisikia "nafikiria kuacha", akasubiri asikie tarehe, hakuisikia. Makubaliano ya mwezi kwa mwezi hayana siku ya mwisho yaliyozaliwa nayo. Hujirudia yenyewe kila kipindi kinapoanza, mpaka mmoja wenu ayakatishe kwa njia mliyokubaliana.

Kabla ya kuandika chochote nilihakikisha kwamba stoo ni kitu kinachoweza kuachwa peke yake. Hili hutangulia yote, na ndilo lililomkwamisha jirani yangu. Yeye alikuwa na nafasi ya kuegesha gari, akauza gari, akaandika barua nzuri ya kuiacha nafasi ile. Mwenye nyumba wake akamjibu kwamba haiwezekani, na alikuwa na hoja. Nafasi ile ilikuwa imetajwa ndani ya mkataba wa nyumba, katika sentensi ileile iliyotaja vyumba na jiko, na kodi ilikuwa moja kwa vyote. Alichopanga jirani kilikuwa kitu kimoja chenye sehemu kadhaa. Mpangaji hana uwezo wa kukata kipande cha mkataba kwa notisi na kubaki na kilichosalia, kama vile asivyoweza kurudisha chumba kimoja na kupunguza kodi kwa hesabu yake mwenyewe. Kilichomfaa ni kuomba marekebisho ya mkataba, yaani makubaliano mapya yanayotiwa saini na wote wawili, na mwenye nyumba alikuwa na uhuru wa kukataa. Mwishowe walikubaliana nafasi ile iondolewe pale mkataba wa nyumba utakapohuishwa.

Dalili za kuangalia ni hizi. Je, kuna karatasi tofauti, au angalau saini tofauti, kwa ajili ya stoo au maegesho? Je, kodi yake imetajwa kivyake na ina risiti yake? Ilianza siku nyingine tofauti na nyumba? Ina kifungu chake cha notisi? Kwangu majibu yote yalikuwa ndiyo. Mtu mwenye majibu mchanganyiko, kwa mfano karatasi moja lakini kodi mbili, afadhali aende kwa mwenye nyumba kwanza waelewane kama vitu hivyo vinatengana, kisha waandike walichoelewana. Kupeleka notisi kwa kubahatisha kunaweza kuleta balaa kubwa kuliko kodi ya stoo, maana mwenye nyumba anaweza kuisoma kana kwamba unahama kabisa, akaanza kuleta watu kuiona nyumba.

Nilipojiridhisha na hilo nikaingia kwenye tarehe. Hapa ndipo nilipotumia muda mrefu zaidi, na ningemwomba kila mpangaji afanye hivyo.

Kifungu cha 4 cha karatasi yetu kilisema kwamba upande wowote unaweza kusitisha makubaliano kwa kutoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, na notisi hiyo iishe siku ya mwisho ya kipindi cha malipo. Sentensi hiyo ina masharti mawili, na yote mawili lazima yatimie kwa pamoja. La kwanza ni urefu: mwezi mmoja usipungue. La pili ni mahali pa kuishia: notisi haiishi katikati ya kipindi, huishia mwishoni mwake. Msomaji wa haraka huliona la kwanza tu. Anahesabu mwezi kuanzia siku ya barua na kudhani amemaliza.

Kipindi changu cha malipo kilianza tarehe 5 na kuisha tarehe 4 ya mwezi unaofuata. Tarehe 11 Machi, siku nilipofanya uamuzi, nilikuwa ndani ya kipindi cha 5 Machi hadi 4 Aprili. Lau ningepeleka barua siku ileile, mwezi mmoja ungetimia tarehe 11 Aprili. Siku hiyo iko ndani ya kipindi kingine, cha 5 Aprili hadi 4 Mei, na kwa kuwa notisi haiwezi kukata kipindi katikati, ingesogea hadi tarehe 4 Mei. Sasa angalia: barua ikipokelewa tarehe 11 Machi inaishia 4 Mei, ikipokelewa tarehe 25 Machi inaishia 4 Mei, na hata ikipokelewa tarehe 4 Aprili bado inaishia 4 Mei, kwa sababu kutoka 4 Aprili hadi 4 Mei ni mwezi mmoja. Lakini ikichelewa siku moja tu, ikapokelewa tarehe 5 Aprili, mwezi mmoja unafika tarehe 5 Mei, kipindi kipya kimeshaanza, na mwisho unaruka hadi 4 Juni. Siku moja inamgharimu mpangaji kodi ya mwezi mzima.

Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kukimbia tarehe 11 Machi, na hapakuwa na nafasi ya kuzembea hadi mwanzo wa Aprili. Nilijiwekea kwamba barua iwe mkononi mwa mwenye nyumba kabla Machi haijaisha. Sikutaka kuitegemea siku ile ya mwisho kabisa, kwa sababu mikataba mingine husema "mwezi mmoja kamili", na mtu mwingine akisoma neno hilo husema siku ya kupokea barua haihesabiwi. Ubishi wa namna hiyo huepukwa kwa kupeleka mapema.

Wapo wanaohesabu kwa tarehe ya kodi ya nyumba, wakidhani vipindi vyote vinafuatana. Kwangu hilo lingeleta tarehe 30 Aprili, ambayo kwa stoo si mwisho wa kitu chochote.

Tofauti nyingine ya kuangalia ni kati ya mwezi na siku 30. Karatasi yetu ilisema mwezi. Rafiki yangu, aliyekuwa amepanga chumba cha kuwekea bidhaa kwa mtu mwingine, karatasi yake ilisema siku 30, na vipindi vyake vilikuwa kama vyangu, kutoka tarehe 5 hadi tarehe 4. Alitaka kutoka tarehe 4 Machi, akapeleka barua tarehe 4 Februari, Februari yenye siku 28. Kama karatasi ingesema mwezi mmoja, angekuwa salama. Lakini siku 30 kutoka tarehe 4 Februari hufika tarehe 6 Machi, kipindi kimeshapita, na mwisho wake ukawa 4 Aprili. Mwezi mmoja baadaye hesabu ingempendelea: siku 30 kutoka tarehe 5 Machi hufika hasa tarehe 4 Aprili. Kwa hiyo mwenye kifungu cha siku azihesabu siku kwa kalenda, moja baada ya moja, na mwenye kifungu cha mwezi afuate tarehe inayolingana.

Mtu asiye na karatasi yoyote, aliyeelewana kwa mdomo na analipa kila mwezi, yeye pia huwa na notisi. Katika nchi nyingi kanuni ya upangaji wa mwezi kwa mwezi usio na maandishi ni notisi ya kipindi kizima kimoja inayoishia mwisho wa kipindi, ingawa sheria ya mahali inaweza kuweka muda mrefu zaidi au kuutofautisha upangaji wa stoo yenye ufunguo na ruhusa tu ya kuegesha gari. Risiti zake ndizo zitakazoonyesha kipindi kinaanza tarehe ngapi. Huyo ndiye anayehitaji barua kuliko sisi wenye mikataba, kwa sababu barua yake itakuwa karatasi ya kwanza kabisa katika uhusiano wote.

Barua yenyewe niliiandika tarehe 20 Machi. Ninaiweka hapa jinsi ilivyokuwa, isipokuwa majina na anwani.

> Tarehe 20 Machi 2023
>
> Kwa Mwenye Nyumba
>
> YAH: NOTISI YA KUSITISHA UPANGAJI WA STOO NAMBA 3
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ni mpangaji wako wa stoo namba 3 iliyo nyuma ya jengo, kwa makubaliano tuliyoyatia saini tarehe 5 Agosti 2021. Kwa barua hii ninatoa notisi ya mwezi mmoja, kwa mujibu wa kifungu cha 4 cha makubaliano hayo, kwamba upangaji wangu wa stoo hiyo utakoma tarehe 4 Mei 2023. Ikiwa kwa hesabu ya makubaliano yetu tarehe hiyo ni mapema kuliko inavyoruhusiwa, basi upangaji utakoma siku ya mwisho ya kipindi cha malipo kitakachofuata.
>
> Notisi hii inahusu stoo namba 3 peke yake. Upangaji wangu wa nyumba unaendelea kama ulivyo, kwa masharti yaleyale.
>
> Kodi ya kipindi cha mwisho cha stoo, yaani 5 Aprili hadi 4 Mei 2023, nitailipa yote tarehe 5 Aprili. Baada ya hapo sitalipa tena kodi ya stoo.
>
> Naomba tukague stoo pamoja na kukabidhiana funguo mbili siku ya tarehe 4 Mei saa nne asubuhi, au saa nyingine itakayokufaa siku hiyo au kabla yake. Naomba pia amana ya stoo irejeshwe baada ya ukaguzi, na kama kuna makato yoyote nipewe maelezo yake kwa maandishi.
>
> Tafadhali tia saini nakala iliyoambatanishwa kuonyesha kwamba umeipokea barua hii.
>
> Wako,
> Mpangaji

Sentensi niliyoipima zaidi ni ile ya "ikiwa kwa hesabu ya makubaliano yetu". Mtu akitaja tarehe moja tu na tarehe hiyo ikawa na kasoro ya siku moja, mwenye nyumba anaweza kusema notisi nzima si halali, na mpangaji aanze upya na barua nyingine na mwezi mwingine. Sentensi ile huiokoa barua. Kama tarehe yangu ingekuwa na kasoro, notisi isingekufa. Ingesogea tu hadi mwisho wa kipindi kinachofuata. Wanaoandika notisi za upangaji kwa kazi huiweka karibu kila mara, na mpangaji wa kawaida ana haki ileile ya kuitumia. Lakini haichukui nafasi ya hesabu. Mtu akiacha tarehe kabisa na kuandika tu "mwisho wa kipindi kinachofuata", mwenye nyumba hajui afunge hesabu siku gani, wala mpangaji hajui siku ya kurudisha funguo.

Sikueleza sababu. Hili liliniwia gumu kidogo, kwa sababu mwenye nyumba ni mtu mzima ninayemheshimu na tumeishi vizuri. Nilimweleza kwa mdomo baadaye, tena kwa furaha, habari za karakana ya mdogo wangu. Kwenye barua sababu haina kazi, na wakati mwingine inaharibu. Stoo ile ilikuwa inavuja kona moja wakati wa mvua. Kama ningeandika kwamba ninaondoka kwa sababu ya kuvuja, mwenye nyumba angeweza kujibu kwamba atatengeneza paa, na hapo barua ingegeuka kuwa mazungumzo: je, akitengeneza nitabaki? Notisi yenye sharti ndani yake ni notisi yenye shaka. "Nitaondoka usipotengeneza" ni lalamiko, na "natarajia kuondoka mwezi wa tano" ni taarifa ya mipango. Hakuna hata moja linalokatisha makubaliano. Habari ya kuvuja niliiandika kwenye karatasi nyingine, siku nyingine, kwa ajili ya atakayepanga baada yangu.

Kwa sababu hiyohiyo mtu asipeleke notisi kabla hajawa na hakika. Kwa kawaida notisi ikishapokelewa haifutwi na upande mmoja. Kama mdogo wangu angebadili mawazo mwezi wa Aprili, ningelazimika kumwomba mwenye nyumba akubali niendelee, naye angeweza kuwa ameshaahidi stoo kwa mtu mwingine.

Barua niliipeleka mwenyewe tarehe 22 Machi, nakala mbili. Nilimsalimu, nikampa, akaisoma palepale akiwa amesimama.

"Kwa hiyo nyumba huachi, mwanangu?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee. Ni stoo tu. Iko hapo kwenye aya ya pili."

Akairudia aya ile, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaandika kwenye nakala yangu: imepokelewa, tarehe, jina lake, saini. Nilimwomba aweke tarehe ya siku ileile ya kupokea, si ile ya juu ya barua, maana mwezi wa notisi huanza kuhesabiwa pale barua inapomfikia mwenye nyumba. Tarehe iliyoandikwa juu ya barua haithibitishi chochote. Mtu anaweza kuandika tarehe yoyote aipendayo.

Si kila mwenye nyumba anapatikana mlangoni. Kama anaishi mbali au ana wakala, angalia mkataba umesema notisi ipelekwe wapi na kwa njia gani, kisha ufuate hivyo hata kama njia nyingine ni rahisi. Mkataba ukisema maandishi kwa anwani fulani, ujumbe wa simu unaweza kukataliwa baadaye, hata kama mwenye nyumba aliujibu kwa neno "sawa". Barua ya rejista ni nzuri, lakini risiti ya posta inaonyesha siku ulipotuma, siyo siku alipopokea, kwa hiyo acha nafasi ya wiki moja au zaidi kabla ya siku ya mwisho. Mkataba ukiwa kimya kuhusu njia, mimi ningetumia mbili kwa pamoja: barua ya karatasi, na picha yake kwa barua pepe au kwa simu siku ileile, nikiomba ajibu kwamba ameipata. Wakala naye apokee tu ikiwa mkataba unamtambua au ndiye anayekusanya kodi. Kumwachia mlinzi wa geti si kumpa mwenye nyumba.

Kwa upande wa maegesho barua hubadilika sehemu chache tu, lakini sehemu hizo ni muhimu. Andika namba ya nafasi kama ipo, na namba ya gari. Ikiwa huna nafasi maalumu na unaegesha popote palipo wazi, basi kinachokutambulisha ni kadi ya geti au stika, kwa hiyo andika namba ya kadi. Taja rimoti na kadi utakazorudisha. Kama rimoti hiyohiyo ndiyo unayoingilia nyumbani, sema wazi kwamba unabaki nayo kwa sababu ya nyumba, vinginevyo itaonekana hujamaliza kukabidhi. Halafu gari liwe limeondoka kweli siku ile. Gari bovu lililoachwa juu ya nafasi baada ya tarehe ya mwisho linamaanisha nafasi bado inatumika, na mwenye nyumba ana haki ya kudai kodi ya siku hizo, barua iwe nzuri namna gani. Madoa ya oili sakafuni yapigwe picha na kusafishwa mapema, kwa sababu ndiyo makato yanayodaiwa mara nyingi kwenye amana za maegesho.

Siku ya tarehe 5 Aprili nililipa kodi ya kipindi cha mwisho, yote. Mwenzangu mmoja alinishauri nisilipe, nimwambie mwenye nyumba ajikate kwenye amana. Sikukubali. Amana ipo kwa ajili ya uharibifu na madeni, na inabaki kwa mwenye nyumba hadi ukaguzi upite. Anayejikatia mwenyewe kodi kwenye amana anaingia kwenye ukaguzi akiwa anadaiwa, na kama kuna kitu kimevunjika hakuna kilichobaki cha kukilipia. Wakikubaliana kwa maandishi ni sawa. Bila hivyo, mpangaji amejiweka upande wenye makosa wakati alikuwa kwenye haki kabisa.

Malipo yangu ya stoo yalikuwa yanatoka benki yenyewe kila mwezi kwa agizo la kudumu. Baada ya kulipa Aprili nililifuta, na nikahakikisha nimefuta la stoo, siyo la nyumba. Hili ni jambo la kufanywa kabla ya tarehe ya mwisho. Malipo yakitoka tena tarehe 5 Mei na mwenye nyumba akayapokea bila kusema kitu, kuna watakaosema makubaliano yamefufuliwa, kwamba pande zote mbili zimeendelea kama zamani. Pengine ungeshinda ubishi huo ukiwa na barua yako yenye saini, lakini kwa nini uwe nao? Ikitokea pesa zimetoka, andika siku hiyohiyo kwamba zimelipwa kimakosa, kwamba upangaji ulikoma, na uombe zirudishwe.

Mdogo wangu alivibeba vifaa mapema kuliko tulivyotarajia, katikati ya Aprili. Stoo ikawa tupu huku kodi yake imelipwa hadi 4 Mei. Nilimwendea Mzee nikamwuliza kama kuna mtu anayeihitaji, kwa sababu niko tayari kuikabidhi mapema. Hili ni ombi, na nililitenga kabisa na notisi. Kuondoka mapema hakufupishi notisi. Kodi inadaiwa hadi mwisho wake hata stoo ikiwa na mwangwi mtupu. Lakini mwenye nyumba akipata mpangaji mwingine kabla ya hapo, si haki achukue kodi mbili kwa siku zilezile, na wengi wao hulielewa hilo wakiulizwa kwa adabu.

Bahati nzuri alikuwepo mpangaji wa ghorofa ya juu aliyekuwa akitafuta mahali pa kuweka fanicha. Tulikubaliana nikabidhi tarehe 22 Aprili na yeye aanze tarehe 23. Kipindi changu cha mwisho, 5 Aprili hadi 4 Mei, kilikuwa na siku 30: siku 26 za Aprili na siku 4 za Mei. Siku ambazo sikuzitumia, kuanzia tarehe 23 Aprili hadi tarehe 4 Mei, zilikuwa 12. Kwa hiyo nilistahili kurudishiwa sehemu 12 kati ya 30 za kodi ya mwezi, yaani mbili ya tano. Hesabu hiyo tuliiandika chini ya nakala ya barua, pamoja na sentensi moja kwamba kwa makubaliano ya wote wawili upangaji umekoma tarehe 22 Aprili 2023 badala ya 4 Mei. Bila sentensi ile ningekuwa nimekabidhi funguo lakini upangaji bado unaendelea hadi Mei, na kama mpangaji mpya angeharibu mlango tarehe 30 Aprili, jina lililo kwenye karatasi lingekuwa langu.

Ukaguzi ulikuwa mfupi. Nilikuwa nimefagia, nimetoa misumari niliyoipiga ukutani, nimepiga picha za kuta zote nne, sakafu, mlango na ile kona inayovuja, mlango ukiwa wazi ili mwanga uingie. Kufuli lilikuwa langu, kwa hiyo niliondoka nalo. Funguo mbili za kitasa zilikuwa zake, nikampa mkononi, naye akaandika kwamba amepokea funguo mbili na stoo iko tupu. Neno "tupu" nililiomba mimi. Kitu kikibaki ndani, hata rafu ya mbao ambayo mtu anadhani anamwachia mwenye nyumba kwa wema, kinaweza kuhesabiwa kama mali ya mpangaji inayochukua nafasi, na gharama ya kuitoa ikawa juu yake. Nilikuwa na rafu moja nzuri ambayo Mzee aliipenda. Tuliiandika: rafu moja inabaki kwa ridhaa ya mwenye nyumba.

Kuhusu ile kona, alitazama, akauliza kama ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Nilimwonyesha picha nilizopiga siku ya kwanza, za Agosti 2021, ambapo doa la maji lilikuwa tayari linaonekana, dogo kuliko sasa. Hakukata kitu. Amana ilirudi wiki iliyofuata pamoja na ile mbili ya tano ya kodi, kwa malipo mawili yenye maelezo tofauti, nami nikamwandikia risiti ya kila moja. Tarehe 1 Mei nikalipa kodi ya nyumba kama kawaida.